Lori la ekseli sita na boriti ya mita 20: njia tatu za kupata mkato mkubwa zaidi kwa mstari wa athari

Simama karibu na mizani ya Mlolongo saa moja tu utayaona malori ya ekseli sita yakipanda kutoka Mombasa: ekseli moja ya usukani, mbili za difu, tatu za trela. Mengi yatapita juu ya madaraja ya Nairobi kabla ya kufika Naivasha au Malaba. Mhandisi anayekagua boriti ya daraja kama hilo huulizwa swali ambalo ni rahisi kulitamka: lori likiwa wapi hasa ndipo boriti inapata nguvu kubwa zaidi ya mkato, yaani ile nguvu inayotaka kuukata mwili wa boriti wima, upande mmoja ushuke na mwingine ubaki?

Mstari wa athari, yaani mchoro unaoonyesha mkato wa sehemu moja ya boriti kadiri mzigo wa kizio kimoja unavyosogea juu ya boriti nzima, hujibu swali hilo, lakini kuna njia zaidi ya moja ya kuutumia. Wanafunzi na wahandisi wapya hukwama kati ya tatu: kuweka lori kwa mkono na kusoma vimo vya mstari, kutumia kanuni ya mabadiliko ya mkato, au kuiachia kompyuta. Nitazipima zote tatu kwa lori moja na boriti moja.

## Vipimo vya kulinganisha

Naangalia mambo manne. Kwanza, njia inafanyaje kazi na inadai jasho kiasi gani. Pili, inatoa nini kwa mfano wetu. Tatu, inaponyoka wapi, na utajuaje kwamba imeponyoka. Nne, inamfaa nani. La tatu ndilo ninalolipa uzito mkubwa, kwa sababu jibu la mkato lililo pungufu halipigi kelele. Linaonekana kama namba nyingine yoyote.

## Mfano wetu

Boriti ina urefu wa mita 20, imekalia mategemeo mawili tu, A kushoto na B kulia. Tunachunguza mahali pawili: kwenye tegemeo A lenyewe, na sehemu C iliyo mita 5 kutoka A.

Lori limepakia hadi kikomo cha sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016: tani 8 kwenye usukani, tani 18 kwa ekseli mbili za difu, tani 24 kwa ekseli tatu za trela, jumla tani 50. Tukichukua tani moja kuwa kilonyutoni 10 (kN), ekseli zinakuwa 80, 90, 90, 80, 80 na 80. Umbali kati yao, kuanzia mbele, nimeuchagua uwe mita 3.5, 1.4, 6.0, 1.3 na 1.3. Ukiwa na lori halisi, pima kwa utepe wako mwenyewe. Utaona hapa chini jinsi sentimita 30 zinavyoweza kubadilisha jibu.

Namba zote ninazotoa ni za lori zima juu ya boriti moja. Mgao wa mzigo kati ya boriti sambamba, pamoja na nyongeza ya mtikisiko, huja baadaye kwa kufuata kanuni za usanifu unazotumia.

Sasa mstari wenyewe. Mzigo wa kizio kimoja ukiwa umbali x kutoka A, tegemeo A linabeba 1 − x/20. Kwa hiyo mstari wa athari wa mkato kwenye A unaanza na 1 pale A na kushuka moja kwa moja hadi sifuri pale B. Kwa sehemu C, mzigo ukiwa kulia kwa C, mkato ni hiyo hiyo 1 − x/20. Ukiwa kushoto kwa C, mzigo wenyewe unapunguza kizio kimoja kamili, inabaki −x/20. Mstari unashuka kutoka sifuri pale A hadi −0.25, unaruka hadi +0.75 pale C, kisha unashuka tena hadi sifuri pale B.

Mhandisi Mjerumani Heinrich Müller-Breslau alitupa njia ya kuuona mstari huu bila hesabu: kata boriti pale C, sukuma ncha mbili zipishane wima kwa kizio kimoja, na hakikisha vipande vyote viwili vinabaki sambamba. Umbo linalotokea ndilo mstari wa athari. Kwa hiyo una ukaguzi wa papo hapo: mruko lazima uwe 1 kamili (0.25 na 0.75), na mwinamo wa pande zote mbili lazima uwe sawa, hapa 0.05 kwa kila mita. Ukichora mstari ambao pande zake haziko sambamba, simama hapo hapo. Kila kitakachofuata kitakuwa kibaya.

## Njia ya kwanza: kuweka lori kwa mkono

Inavyofanya kazi. Unaweka ekseli moja juu ya mruko, upande wenye kimo kikubwa, unasoma kimo chini ya kila ekseli nyingine, unazidisha kwa uzito wake na kujumlisha. Kisha unarudia kwa ekseli inayofuata, na kwa lori linaloelekea upande wa pili.

Kwa nini ekseli iwe juu ya mruko? Sogeza lori lote kushoto kidogo kidogo. Maadamu hakuna ekseli inayovuka C, kila ekseli inapanda mwinamo ule ule, na mkato unaongezeka kwa 500/20, yaani kN 25 kwa kila mita. Mara ekseli ikivuka C, mkato unaanguka ghafla kwa uzito wote wa ekseli hiyo. Kwa hiyo kilele hakiwezi kukaa kati ya ekseli mbili. Kinakaa pale ekseli inapokaribia kuvuka.

Inachotoa. Anza na lori linaloelekea B, ekseli ya mwisho ya trela ikiwa juu ya C:

| Ekseli | Umbali kutoka A (m) | Kimo | Uzito × kimo (kN) |
|---|---|---|---|
| Trela, ya mwisho | 5.0 | 0.750 | 60.0 |
| Trela, ya kati | 6.3 | 0.685 | 54.8 |
| Trela, ya kwanza | 7.6 | 0.620 | 49.6 |
| Difu, ya pili | 13.6 | 0.320 | 28.8 |
| Difu, ya kwanza | 15.0 | 0.250 | 22.5 |
| Usukani | 18.5 | 0.075 | 6.0 |

Jumla ni kN 221.7. Geuza lori lielekee A na uweke usukani juu ya C: unapata 190.8. Sogeza hadi difu ya kwanza iwe juu ya C, usukani ukiwa umeingia eneo hasi kwenye mita 1.5: unapata 198.3. Kwa hiyo kilele cha C ni 221.7, na kinatoka kwenye mkia wa lori.

Kwenye tegemeo A hali ni hiyo hiyo. Ekseli ya mwisho ya trela ikiwa juu ya A na lori lote likiwa darajani, mkato ni 346.7. Lori likielekea A, usukani ukiwa juu ya tegemeo, ni 315.8. Katika barabara ya njia mbili zilizotenganishwa, kama Southern Bypass, malori ya upande mmoja yanaelekea uelekeo mmoja tu. Tegemeo la kuingilia basi ndilo linalopata 346.7, na la kutokea linapata 315.8. Ukikagua daraja lililopo na kuona nyufa za mshazari upande wa kuingilia zimezidi za upande wa kutokea, tofauti hii ni mojawapo ya mambo ya kufikiria kabla ya kulaumu zege.

Inaponyoka wapi. Kwa ekseli sita na pande mbili kuna nafasi kumi na mbili, na mtu akichoka huacha upande mmoja. Wengi huacha mkia wa lori, kwa kuwa mawazo huliona lori likija na kichwa mbele. Hapa kufanya hivyo kungekupa 198.3 badala ya 221.7, upungufu wa zaidi ya asilimia kumi. Ishara ya kosa hili ni rahisi kuitafuta kwenye karatasi: kama hakuna mchoro wenye kundi zito zaidi la ekseli juu ya mruko, kazi haijaisha.

Inamfaa nani. Inamfaa anayejifunza, na yeyote atakayepeleka hesabu kwa mwingine aikague. Kila kimo kiko wazi, kila mstari wa jedwali unaweza kuguswa kwa kidole.

## Njia ya pili: kanuni ya mabadiliko ya mkato

Inavyofanya kazi. Badala ya kujumlisha upya kila mara, unajiuliza swali moja: nikilisogeza lori kushoto ili ekseli inayofuata ije juu ya C, napata au napoteza? Ekseli zote zinapanda mwinamo kwa umbali d, faida yake ni W·d/L, W ikiwa uzito wa ekseli zote na L urefu wa boriti. Ekseli iliyokuwa juu ya C inavuka, hasara yake ni uzito wake wote, P. Kwa hiyo:

```
ΔV = W·d/L − P
```

Ikiwa jibu ni chanya, sogeza. Ikiwa ni hasi, kaa ulipo.

Inachotoa. Kwa usukani juu ya C: 500 × 3.5 / 20 − 80 = +7.5. Sogeza. Na kweli, 190.8 ilipanda hadi 198.3. Kutoka difu ya kwanza hadi ya pili: 500 × 1.4 / 20 − 90 = −55. Kaa hapo. Kwa mkia wa lori: 500 × 1.3 / 20 − 80 = −47.5, basi ekseli ya mwisho ya trela ibaki juu ya C.

Njia hii ina zawadi ambayo njia ya kwanza haikupi. Igeuze uone: ekseli inastahili kuvuka ikiwa tu nafasi iliyo nyuma yake inazidi P·L/W. Kwa ekseli ya kN 80 hapa, hiyo ni mita 3.2. Ndani ya kundi la trela nafasi ni mita 1.3, haikaribii hata nusu, kwa hiyo hakuna haja ya kujaribu ekseli za katikati ya kundi. Ila umbali kati ya usukani na difu ni 3.5, juu kidogo tu ya mpaka. Kichwa cha lori chenye mita 3.2 kingetoa sare kamili, na kifupi zaidi kingebadilisha jibu. Ndiyo maana nilisema upime kwa utepe.

Inaponyoka wapi. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kanuni hii hufundishwa kwa mstari mmoja na sharti lake husahaulika: inadai kila ekseli iliyomo kwenye W iwe darajani kabla na baada ya kusogea.

Chukua tegemeo A, lori likielekea A na usukani ukiwa juu yake. Mtu anayekumbuka +7.5 ya hapo juu atasogeza lori. Lakini kwenye tegemeo, ekseli inayovuka haiingii eneo hasi. Inatoka darajani kabisa. Ilikuwa na kimo cha 1, sasa ina sifuri. Zinazopanda ni kN 420 zilizobaki tu:

```
ΔV = 420·3.5/20 − 80 = −6.5
```

Lori lile lile, umbali ule ule, alama imegeuka. Ukijumlisha vimo kwa mkono unathibitisha: usukani juu ya A ni 315.8, difu ya kwanza juu ya A ni 309.3. Kwenye tegemeo mpaka wa kuvuka ni P·L/(W − P), yaani mita 3.81, na 3.5 haiufikii.

Kosa la aina hiyo hiyo linakungoja pale C ukijaribu kuruka nafasi kubwa ya mita 6.0 kati ya difu na trela. Kanuni tupu inasema +60, na kuongeza hiyo kwenye 143.3 ya difu ya pili kunatoa 203.3, kilele kipya kinachovutia. Si cha kweli. Katika safari hiyo ya mita 6 usukani na difu zote mbili zimeshuka darajani, na mkato halisi ukiwa na trela peke yake ni 164.4. Hata hivyo angalia kwamba 164.4 imezidi 143.3: mkato ulishuka, kisha ukapanda tena. Kwa hiyo kusimama kwenye alama hasi ya kwanza hakutoshi. Lazima uanze upya kwa kila kundi la ekseli.

Utajuaje kwamba umeteleza? Kila mara andika umbali wa ekseli ya mbele kabisa kutoka A kabla ya kusogea. Ukiwa mdogo kuliko d, kuna ekseli inayotoka na kanuni tupu haifai. Fanya hivyo pia upande wa B kwa ekseli zinazoingia.

Tena, kanuni hii inategemea mstari wa athari ulionyooka wenye mwinamo mmoja. Boriti inayoendelea juu ya nguzo kadhaa ina mstari uliopinda, na huko kanuni hii iache kabisa.

Inamfaa nani. Mtahiniwa aliye mbele ya saa, na mhandisi mzoefu anayetaka kukadiria haraka nafasi ipi inatawala kabla ya kufungua kompyuta. Kwangu thamani yake kubwa ni ule mpaka wa P·L/W: unakuambia jibu lako liko imara au linaning'inia kwenye sentimita chache za lori.

## Njia ya tatu: kompyuta

Inavyofanya kazi. Unaandika mstari wa athari kama fomula, unaweka lori kila mahali panapostahili, na kuchukua kubwa zaidi. Lahajedwali inatosha. Kwa Python ni mistari michache:

```python
L, a = 20.0, 5.0
P = [80, 90, 90, 80, 80, 80]
s = [0, 3.5, 4.9, 10.9, 12.2, 13.5]
e = 1e-9

def kimo(x):
    if x < -e or x > L + e:
        return 0.0
    return 1 - x/L if x >= a - e else -x/L

V, d, k = max(
    (sum(p*kimo(a + d*(t - s0)) for p, t in zip(P, s)), d, k)
    for d in (1, -1) for k, s0 in enumerate(s, 1))
print(round(V, 1), d, k)
```

Inachotoa. `221.7 -1 6`: mkato, uelekeo wa kuelekea B, na ekseli ya sita juu ya C. Badilisha `a` iwe 0.0 upate 346.7 ya tegemeo. Ipitishe kwenye sehemu nyingi za boriti na una mchoro mzima wa mkato wa juu kabisa, kazi ambayo kwa mkono ingekula siku. Ekseli zinazotoka na kuingia hazisumbui, kwa sababu kimo chao ni sifuri tu nje ya boriti. Kwa boriti inayoendelea unabadilisha fomula ya `kimo`, mengine yanabaki. Ila huko mstari umepinda, kwa hiyo ongeza nafasi za katikati pia, maana kilele hakilazimiki kutokea ekseli ikiwa juu ya mruko.

Inaponyoka wapi. Ni mahali pawili, na pote panahusu ule mruko. La kwanza ni hatua za kusogeza. Wengi hawaweki ekseli juu ya C kama nilivyofanya hapa. Huliendesha lori kwa hatua sawa kutoka mwanzo wa daraja. Ukitumia hatua ya mita 1, ekseli ya mwisho inaangukia mita 4.5 na 5.5 lakini kamwe si 5.0, na kubwa zaidi utakayoona ni 209.2. Umepoteza kN 12.5 bila onyo. Tiba ni kupunguza hatua kwa nusu na kulinganisha. Jibu likibadilika, hatua ilikuwa ndefu mno. Kuweka ekseli moja kwa moja juu ya mruko ni bora zaidi.

La pili ni alama ya ulinganisho. Ukiandika fomula ili ekseli iliyo juu ya C hasa ihesabiwe kuwa kushoto, programu hii itakupa 141.7. Tazama upungufu: ni 80 kamili. Tofauti kati ya jibu la kompyuta na la mkono ikiwa sawa kabisa na uzito wa ekseli moja, usitafute kwingine. Ile `e` ndogo ipo kwa sababu hiyo pia, kwa kuwa kompyuta inaweza kuihesabu 5.0 kuwa chini yake kwa chembe isiyoonekana.

Inamfaa nani. Ofisi yenye malori mengi ya kukagua, sehemu nyingi za boriti, au boriti zinazoendelea. Haimfai peke yake mtu ambaye bado hawezi kusema, kabla ya kubonyeza, kundi gani la ekseli litatawala.

## Kulingana na hali yako

Kama unajiandaa kwa mtihani wa nadharia ya miundo, jifunze njia ya kwanza hadi mkono uzoee, kisha tumia ya pili kuchagua nafasi za kujaribu. Mtahini anataka kuona vimo, si alama ya ΔV peke yake.

Kama una lori moja la mzigo maalum, mathalani transfoma inayovuka jiji usiku kwa kibali, na boriti ni za mategemeo mawili, fanya kwa mkono kwa tegemeo na robo ya urefu, kisha mwenzako afanye kwa kompyuta bila kuona karatasi yako. Hizo ni njia mbili zisizotegemeana, na zikikubaliana una jambo la kusimamia.

Kama vipimo vya lori havina uhakika, kwa mfano una cheti cha mizani lakini huna umbali wa ekseli, anza na mpaka wa P·L/W, au P·L/(W − P) kwenye tegemeo. Utajua ni umbali upi unaobadilisha jibu na upi hauna neno, kabla ya kumtuma mtu barabarani na utepe.

Kama unakagua madaraja mengi ya barabara moja, nenda na kompyuta, lakini chagua boriti moja na sehemu moja uifanye kwa jedwali kama lile la juu, uliambatishe kwenye ripoti.

Na kama boriti inaendelea juu ya nguzo tatu au zaidi, weka njia ya pili kando. Chora mstari kwa wazo la Müller-Breslau kwanza ili ujue wapi ni chanya na wapi ni hasi. Huko lori lililo kati ya nguzo za jirani linaweza kuongeza mkato wa sehemu unayoichunguza au kuupunguza, na ekseli zinazoupunguza zitenge kama kanuni zako za usanifu zinavyoagiza.